Nani Atamlipia Mtoto wa Muuza Nyanya?

Ukipita kwenye masoko ya Dar es Salaam kama Buguruni au Mabibo kabla jua halijachomoza, utawaona watoto mapema kuliko bidhaa. Mmoja yuko mgongoni mwa mama anayepakua matenga ya nyanya. Mwingine amelazwa juu ya khanga ndani ya boksi, mkono mmoja umening'inia nje. Wa miaka mitatu anazurura katikati ya mikokoteni, na kila baada ya dakika chache kuna mtu anapaza sauti, "Mtoto wa nani huyu?"

Mwenye moyo akiona hivyo hupata wazo: afungue kituo cha kulea watoto jirani na soko. Kifunguliwe alfajiri, wapewe uji, wapewe chakula cha mchana, walale, mama afanye biashara yake kwa utulivu. Wazo ni zuri na halina mpinzani. Shida huanza siku anapouliza asajili nini. Ataambiwa na marafiki kwamba kama nia yake ni kusaidia, asajili shirika lisilo la kiserikali. Kama anataka fedha, afungue biashara. Na kama anataka vyote viwili, basi hiyo ndiyo wanayoiita biashara ya kijamii.

Ushauri huo unampima mtu moyo, na kwa kazi hii moyo hauna kipimo. Nimewaona watu wenye huruma ya kweli wakiendesha maduka ya kawaida kabisa, na nimewaona wengine wakijilipa vizuri sana kwa jina la asasi. Kinachoamua umbo la wazo ni pengo kati ya gharama ya kumhudumia mtu mmoja na kile anachoweza kulipa mtu huyo: lina ukubwa gani, linazibika kwa njia ipi, na nani atashika ufunguo wa fedha zinazoliziba. Kwa hiyo tuanze na daftari la hesabu, usajili tutaufikia. Namba nitakazotumia ni za mfano. Msomaji aziondoe aweke za mtaani kwake, lakini asibadili mtiririko.

Tuseme kituo kina watoto 30 na kinafanya kazi siku 24 kwa mwezi. Kodi ya nyumba ni shilingi 300,000. Mpishi analipwa 150,000. Maji, sabuni, gesi na mkaa ni 150,000, na tunatenga 96,000 kwa vibali, matengenezo na magodoro yanayochakaa. Hizo gharama nne, jumla yake 696,000, zipo hata kama kituo kina mtoto mmoja. Upande wa pili kuna gharama zinazomfuata kila mtoto. Uji na chakula ni shilingi 700 kwa siku, yaani 16,800 kwa mwezi. Mlezi mmoja anaangalia watoto kumi na analipwa 200,000, kwa hiyo kila mtoto anabeba 20,000 ya mshahara wake. Mtoto mmoja, basi, anagharimu 36,800 kwa mwezi kabla hajachangia hata senti moja kwenye kodi ya nyumba.

Sasa bei. Mama anayeuza nyanya kwa mafungu anasema anaweza kutoa 1,500 kwa siku. Kwa siku 24 ni shilingi 36,000.

Rudi nyuma uzisome tena hizo namba mbili, maana uamuzi mzima umejificha humo. Mtoto anagharimu 36,800 na analeta 36,000. Kila mtoto anayeongezeka anaongeza hasara ya shilingi 800. Mwenye kituo akisema, "Tuvumilie, tukifika watoto sitini mambo yatakaa sawa," anajidanganya. Akifika sitini atakuwa na hasara kubwa kuliko ya sasa, na nyumba itakuwa ndogo. Pengo la namna hii halizibwi na ukuaji, wala na mkopo. Nchini Tanzania halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na mikopo hiyo haina riba. Kikundi cha kina mama kinaweza kuipata kwa ajili ya kituo kama hiki. Lakini mkopo usio na riba bado ni mkopo. Ukiziba nao tundu linalovuja kila mwezi, mwisho wa mwaka una tundu lile lile na deni juu yake.

Ingekuwa mama analipa 2,500, picha ingegeuka. Mtoto angeleta 60,000 kwa mwezi na kubakiza 23,200 baada ya chakula na mlezi. Ukigawa ile 696,000 kwa 23,200 unapata watoto 30 kamili. Hapo kituo chenye watoto 20 kina hasara, chenye 30 kinajilipa, na pengo lake ni la muda tu: mtaji au mkopo unaweza kukivusha mpaka kijae. Watu wawili wanaweza kuwa na hasara inayolingana mwezi huu, mmoja wao akawa anaendesha biashara changa na mwenzake anaendesha huduma ya msaada bila kujua. Anayewatenganisha ni yule mtoto anayeongezeka. Muulize: akija, hasara inapungua au inaongezeka?

Kuna jambo moja dogo linaloharibu hesabu za vituo vingi, nalo ni utoro. Mtoto akiugua, au mama akienda shamba kufuata mzigo, siku hiyo hailipwi. Walezi wanalipwa, nyumba inalipwa. Ndiyo maana vituo vinavyodumu hulipisha nafasi badala ya siku: mama analipa Jumatatu kwa wiki nzima, mtoto aje asije. Hilo ni gumu kwa mtu ambaye kipato chake kinaingia na kutoka siku hiyo hiyo, na ugumu huo nao ni sehemu ya jibu la swali letu. Anayeweza kulipa wiki kabla ni mteja wa aina moja, anayelipa jioni baada ya kuuza ni wa aina nyingine, na bei ile ile haiwaweki sawa. Usiwaulize watu wangelipa kiasi gani, kwa sababu mbele ya mtu mwema kila mtu hutaja bei ya kumfurahisha. Chukua pesa kwa wiki mbili, uone nani anarudi wiki ya tatu.

Sasa tuvae kila joho kwa zamu yake.

Joho la biashara ya kawaida lina kazi nyepesi kuliko watu wanavyofikiri. Badili bei iwe 3,500 kwa siku na uwalenge wenye maduka ya jumla, makarani na wauguzi wa zahanati ya jirani. Kila mtoto analeta 84,000 na kubakiza 47,200. Kituo kinajilipa kikiwa na watoto 15, na kikijaa 30 kinabakiza 720,000 kwa mwezi. Mwenye wazo anasajili jina la biashara BRELA, anapata namba ya mlipakodi TRA na leseni ya halmashauri. Mfanyabiashara binafsi ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 100 kwa kawaida anakadiriwa kodi kwa kuangalia mauzo, bila kulazimika kupeleka hesabu zilizokaguliwa. Akifungua kampuni, mzigo unaongezeka: hesabu za kila mwaka, taarifa BRELA, na kodi ya asilimia 30 ya faida. Kwa kituo kimoja chenye mauzo ya milioni 30 kwa mwaka sioni sababu ya kukimbilia kampuni, isipokuwa kama kuna mbia anayeingiza mtaji na anataka hisa. Kibali cha ustawi wa jamii cha kulea watoto ni lazima kwa vyovyote vile. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haijali kama unalea kwa faida au kwa sadaka.

Ila mtoto wa muuza nyanya hayumo kwenye kituo hicho. Yumo kwenye boksi lake.

Joho la asasi ndilo linalompa yeye nafasi, kwa sharti kwamba mtu mwingine alipe. Na hapa ndipo ninapolazimika kukiri kwamba hesabu yangu ya juu ilikuwa na uongo mmoja ambao pengine umeuona: mwenye wazo hakuwemo. Mtu anayefungua mlango saa kumi na moja, anayeandika majina, anayegombana na fundi bomba na kwenda kufuatilia kibali, nimemfanya mtu wa bure. Tumpe 400,000 kwa mwezi, ambazo si fedha za anasa Dar es Salaam. Kituo cha watoto 30 wanaolipa 1,500 sasa kina upungufu wa 1,120,000 kila mwezi: gharama za kudumu 696,000, msimamizi 400,000, na zile shilingi 800 mara 30. Kwa mwaka ni 13,440,000. Kwa kila mtoto ni shilingi 448,000 kwa mwaka, juu ya kile anacholipa mama yake.

Namba hiyo, 448,000, ndiyo bei halisi ya wazo hili. Hakuna mfadhili anayepaswa kuonyeshwa picha ya mtoto kwenye boksi bila kuonyeshwa hiyo namba pamoja nayo. Wafadhili wengi watafurahia kununua vitanda, vitabu vya picha na mafunzo ya walezi, mambo yanayoisha na kupigwa picha. Kodi ya nyumba na uji wa Jumanne ya mwezi wa ishirini na saba ni wachache wanaotaka. Ruzuku ya miaka miwili ikiisha, pengo liko pale pale, kwa sababu halikuwa pengo la kuanzia. Dalili ya asasi iliyoingia mtego huu inajulikana: mwaka wa tatu kituo cha watoto kinaanza kutoa semina za ujasiriamali au mazingira, kwa kuwa ndiko fedha za mwaka huo zilikoelekea. Watoto wanapungua na ripoti zinaongezeka kurasa.

Upande wa sheria, asasi ya Tanzania inasajiliwa kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, chini ya sheria ya mwaka 2002, kwa ngazi ya wilaya, mkoa au taifa. Marekebisho ya mwaka 2019 yalizifunga njia za pembeni. Zamani watu wengi walisajili kampuni ya dhamana, isiyo na hisa, wakafanya kazi za asasi humo. Tangu hapo kazi hizo zinatakiwa kuwa chini ya Msajili. Asasi inapeleka taarifa ya kazi na hesabu zilizokaguliwa kila mwaka, na mkaguzi hafanyi kazi kwa hisani. Ada yake ongeza juu ya ile 448,000. Kanuni za mwaka 2018 ziliongeza kwamba mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 uwasilishwe Hazina na kwa Msajili ndani ya siku kumi. Kituo chetu kikipata mfadhili wa mwaka mmoja kiko chini ya kiwango hicho. Akiwa wa miaka miwili, ni milioni 26.88, na siku kumi zinaanza kuhesabiwa.

Kuna imani iliyoenea kwamba asasi hailipi kodi. Cheti cha usajili hakileti msamaha. Ili asasi itambuliwe na TRA kuwa ya hisani lazima iombe uamuzi wa Kamishna, ioneshe kwamba kazi yake ni ya kupunguza umaskini, elimu, afya ya jamii au mambo mengine yaliyotajwa na sheria, na fedha zitumike huko. Bila uamuzi huo inahesabiwa kama taasisi nyingine yoyote. Hata ikiupata, kodi ya mishahara ya walezi inakatwa kama kawaida.

Lakini gharama kubwa ya asasi wala si karatasi. Ni kwamba kituo si chako tena. Sheria inataka asasi isigawane faida, na mali iliyochangiwa kwa ajili ya jamii haigeuki urithi wa mwanzilishi. Kuna bodi, na bodi inaweza kukuondoa. Wengi hawalipendi hilo, hivyo wanaweka bodi ya mume, shemeji na rafiki wa kanisani au msikitini, kisha asasi inapanga nyumba ya mwanzilishi kwa bei anayoitaka mwanzilishi. Hiyo ni biashara iliyovaa joho la hisani, na inatambulika haraka: uliza nani mwenye nyumba, uliza mara ya mwisho bodi ilikataa jambo gani. Kama haijawahi kukataa chochote, hakuna bodi.

Tufike sasa kwenye joho la katikati, ambalo siku hizi ndilo lenye mvuto. Biashara ya kijamii kwa kituo chetu maana yake ni kuchanganya: watoto wanaolipa 3,500 wabebe wanaolipa 1,500. Hesabu ni rahisi. Kila mtoto anayelipa bei ya juu badala ya ya chini anaongeza shilingi 48,000 kwa mwezi. Bila mshahara wa msimamizi tunahitaji wa bei ya juu 15 na wa bei ya chini 15, nusu kwa nusu, hesabu inafunga. Inavutia sana kwenye karatasi na ndiyo utakayoiona kwenye maandiko ya mradi. Mwingize msimamizi na 400,000 zake, na wa bei ya juu wanapanda mpaka 24. Watoto wa sokoni wamebaki sita.

Hizo nafasi sita zilinifanya nitafakari kwa muda, kwa sababu ukirudi kwenye biashara ya kawaida utazikuta pia. Ile biashara ya watoto 30 kwa 3,500 inabakiza 720,000. Mlipe msimamizi 400,000, zinabaki 320,000. Ukiamua kuzitoa zote kwa kuwapunguzia bei watoto wa sokoni, kila mmoja anakula 48,000, na utaweza kuwachukua sita. Hesabu ni ile ile kwa sababu fedha ni zile zile. Biashara ya kijamii haikuzalisha nafasi hata moja zaidi ya mfanyabiashara mkarimu.

Tofauti iko kwenye swali la nani anaweza kuziondoa nafasi hizo sita. Mfanyabiashara mkarimu anaziondoa siku mwenye nyumba anapopandisha kodi, au siku anapofariki na watoto wake wakarithi. Hamwombi mtu ruhusa. Uingereza tangu mwaka 2005 wana aina ya kampuni iliyotungwa kwa ajili ya hali hii: mali yake imefungwa isitoke nje ya lengo la jamii, na pale ambapo gawio kwa wenye hisa linaruhusiwa halizidi asilimia 35 ya faida inayoweza kugawiwa. Tanzania haina umbo hilo kisheria. Anayejiita biashara ya kijamii hapa amesajiliwa kama kampuni, asasi, ushirika au mtu binafsi, na lile neno "kijamii" ni ahadi yake mwenyewe. Anaweza kuiandika ahadi ndani ya katiba ya kampuni, kwamba nafasi kadhaa ni za watoto wa sokoni na faida haigawanywi. Ni vizuri, lakini katiba ya kampuni inabadilishwa na wenye hisa kwa azimio maalumu la robo tatu ya kura. Kama hisa zote ziko mikononi mwa familia moja, umefunga mlango na kuacha ufunguo kwenye kitasa. Njia ya kuukaza ni kuwapa hisa za kutosha watu ambao hawatanufaika na mabadiliko, kwa mfano kikundi cha kina mama wa soko wakishika zaidi ya robo. Hapo azimio halipiti bila wao.

Kwamba wema unaopita mkononi mwa mfanyabiashara unahitaji kufuli si nadharia. Bajeti ya Tanzania ya mwaka 2018/19 iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike ili wasichana wazipate kwa bei nafuu. Mwaka uliofuata msamaha ukafutwa, na sababu iliyotolewa bungeni ni kwamba bei dukani haikushuka. Wapo waliosema msamaha wenyewe ulitengenezwa vibaya, kwamba mtengenezaji alishindwa kurudishiwa kodi aliyolipia malighafi, na nadhani wana hoja. Vyovyote iwavyo, unafuu uliotolewa kwa ajili ya msichana uliishia njiani, na hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuudai.

Kuchanganya bei kunafanya kazi pale ambapo mwenye fedha anakuja kwa sababu huduma ni bora, na hahitaji kuombwa huruma. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1994 kwa kazi ya watu wenye ulemavu, kwa miaka mingi imekuwa na kliniki ya wagonjwa binafsi ambao malipo yao huchangia matibabu ya wasio na uwezo. Mwenye gari anakwenda pale kwa sababu madaktari wa macho ni wazuri. Hata hivyo CCBRT ni asasi, imeendelea kuhitaji wafadhili na ushirikiano wa serikali, na jicho linalopasuliwa mara moja ni tofauti na mtoto anayekula uji kila siku. Kwenye kituo chetu kuna kikwazo kingine: mama wa 3,500 anataka kituo karibu na barabara ya lami, kimya, na mara nyingi, tuseme ukweli, hataki mwanawe achanganyike. Kila uamuzi mdogo wa kumridhisha yeye unakisogeza kituo mbali na soko. Hakuna siku ambayo mtu ataamua kuwatupa watoto wa nyanya. Wataondoka kidogo kidogo kwa kubadilishwa saa ya kufungua kutoka kumi na moja kwenda saa moja.

Njia ya kukata pengo vipande viwili ipo, na mfano ninaoupenda uko Nairobi. Sanergy walianza kuweka vyoo katika makazi ya Mukuru mwaka 2011. Ada ya choo kwenye mtaa maskini hailipi gharama za kukusanya na kuondoa kinyesi kwa usalama. Hilo ni pengo la kudumu, kama lilivyo kwenye miji mingi yenye mabomba. Lakini kinyesi kikishasindikwa na kuwa mbolea na chakula cha mifugo kina mnunuzi. Wakajenga pande mbili tangu mapema: ya vyoo ikiwa isiyo ya faida, na ya kiwanda ikiwa kampuni inayoweza kupokea mtaji wa wawekezaji. Baadaye pande hizo zikaachana zaidi, kila moja na jina lake. Ninachojifunza hapo ni kwamba mstari wa kukata ulipita mahali ambapo mlipaji anabadilika. Upande mmoja mlipaji ni mkulima anayetaka mbolea. Upande wa pili ni yeyote anayejali kipindupindu.

Kituo chetu hakina mbolea ya kuuza. Ila kina kitu kinachofanana na mkulima: soko lenyewe. Mama asiye na mtoto miguuni anauza zaidi na anakaa kizimbani muda mrefu, na anayevuna ushuru wa meza hizo ni halmashauri. Chumba ndani ya soko bila kodi kinaondoa 300,000 kwenye upungufu wa kila mwezi. Pengo la 448,000 kwa mtoto linashuka hadi 328,000. Sijaona mfadhili wa nje anayeweza kutoa kitu chenye thamani hiyo kila mwezi bila ukomo. Ningeanza kubisha hodi kwa meneja wa soko na mwenyekiti wa wafanyabiashara kabla ya ubalozi wowote.

Kuna na mlango wa nne ambao swali la mashirika na biashara huusahau: wenye watoto wenyewe. Kina mama wenye kikundi cha kuweka na kukopa wanaweza kuajiri walezi wawili, wakapokezana upishi, wakasimamia bila msimamizi wa 400,000. Gharama inashuka kuliko hesabu yoyote hapo juu, kwa sababu kazi ya usimamizi inalipwa kwa zamu. Udhaifu wake ni uchovu: zamu zinarukwa msimu wa nyanya ukichanganya, na anayebaki akifungua mlango kila siku ni mmoja, mpaka naye achoke.

Kwa wazo hili, basi, hukumu yangu ni hii. Mwenye wazo asisajili asasi mwaka huu wala asitangaze biashara ya kijamii. Aanze kama mtu binafsi mwenye jina la biashara na kibali cha ustawi wa jamii, watoto kumi, mlezi mmoja pamoja na yeye mwenyewe, ndani ya chumba alichoomba sokoni, na daftari lenye safu tatu: jina, alicholipa mama, alichogharimu mtoto. Baada ya miezi sita daftari litamwonyesha kama pengo linaziba au linapanuka. Likiziba, aendelee na biashara yake kwa amani, na akitaka kuahidi nafasi za bei ya chini aziweke mikononi mwa watu wanaoweza kumkatalia. Lisipoziba, kazi hiyo ni ya asasi, na asasi ianze na jina la atakayelipa pengo la mtoto mmoja mmoja mwaka hadi mwaka. Wenye nyumba Dar es Salaam hudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, ambayo kwa nyumba yetu ni shilingi 1,800,000. Kama jina hilo bado halijapatikana, fedha hizo zisitoke mfukoni.